IRR inasema 23%, hela yako inakua 18%: MIRR na lile swali la "hela ikishaingia inakaa wapi?"

Kuna swali moja ukimuuliza mtu aliyeleta ripoti ya mradi yenye IRR ya kunona, ile asilimia ya faida ya mradi, anakaa kimya kidogo kwanza. Swali lenyewe: hela ya mwaka wa kwanza ikishaingia, inaenda kukaa wapi mpaka mradi uishe? Mi niliulizwa hilo nikiwa nimesimama mbele ya watu, slaidi imeandikwa 23% kwa herufi kubwa, nikajibu kitu ambacho hata sikumbuki vizuri, ninachokumbuka ni kwamba aliyeuliza hakuridhika. Na alikuwa na haki kabisa ya kutoridhika.

Tuchukue mradi rahisi tu, tuuite A. Leo unatoa 1,000,000, alafu mwisho wa kila mwaka kwa miaka 3 unapokea 500,000. Ukiziingiza hizo namba kwenye spredishiti, inayotoka ikiwa na alama ya kutoa mbele yake, na kuandika =IRR, inakupa 23.38% hivi. IRR ni ile riba ambayo ukiitumia kudiskaunti hela zote zinazokuja, yaani kuzirudisha kwenye thamani ya leo, jumla yake inalingana sawasawa na ulichotoa leo, kwa hiyo NPV, ile tofauti kati ya thamani ya leo ya hela zinazoingia na zinazotoka, inakuwa sifuri. Hesabu haina kosa. Tatizo linaanza pale mtu anaposoma hiyo 23.38% kama vile milioni yake yote imekaa ndani inazaa 23.38% kila mwaka kwa miaka yote mitatu, na ukweli ni kwamba wengi ndo tunavyoisoma.

Ili uone vizuri, jifanye umeukopesha mradi hiyo milioni kwa riba ya 23.375%. Mwaka wa kwanza riba ni 233,750, mradi unakulipa 500,000, kwa hiyo ndani inabaki 733,750. Mwaka wa pili riba inapigwa kwa hiyo 733,750 tu, inakuwa kama 171,500, unalipwa 500,000 nyingine, inabaki karibu 405,300. Mwaka wa tatu riba ni kama 94,700, ukilipwa 500,000 ya mwisho deni limeisha, sifuri. Umeona hapo? Ile 23.375% ni kweli umeipata, lakini umeipata kwa hela ambayo bado iko ndani ya mradi, na hela iliyo ndani ya mradi inapungua kila mwaka. Mwaka wa tatu inayofanya kazi hata nusu ya milioni haifiki. Zile 500,000 zilizokwisha toka, IRR haizijui tena, zimeshakuwa zako, kama umezifungia kabatini au umezipeleka kwingine yenyewe haina habari.

Sasa geuza swali. Sema unataka kujua milioni yako kwa ujumla imekuwa shilingi ngapi mwisho wa mwaka wa tatu. Milioni moja ikikua kwa 23.375% miaka mitatu mfululizo inafika kama 1,878,000. Je, mradi A unakufikisha hapo? Unakufikisha ila kwa sharti moja, kwamba 500,000 ya mwaka wa kwanza uipeleke sehemu inayolipa 23.375% kwa miaka 2 iwe 761,000, na ya mwaka wa pili uipeleke sehemu hiyohiyo kwa mwaka 1 iwe 617,000, ukijumlisha na 500,000 ya mwisho ndo inatimia 1,878,000. Hilo ndo sharti watu wanaloliita dhana ya kuwekeza tena kwa kiwango cha IRR, na ndo maana nasema IRR yenyewe haijakudanganya, ni wewe uliyeiwekea maneno mdomoni.

Maana sehemu hiyo inayolipa 23.375% na inayopokea hela yako muda wowote ikitoka, iko wapi? Kama ingekuwepo ungepeleka huko milioni nzima toka mwanzo ukalala.

Hapo ndo MIRR inapoingia, yaani IRR iliyorekebishwa. Yenyewe inakulazimisha uitaje riba ya kuwekezea tena kwa mdomo wako, uiandike, kila mtu aione. Tuseme kwa uhalisia hela ikitoka kwenye mradi A unaweza kuiweka sehemu inayolipa 10%. Unachukua kila hela iliyoingia unaikuza mpaka mwaka wa mwisho kwa hiyo 10%: 500,000 ya kwanza inakaa miaka 2 inakuwa 605,000, ya pili inakaa mwaka 1 inakuwa 550,000, ya tatu inabaki 500,000 kwa sababu imeingia siku ya mwisho. Jumla 1,655,000. Kwa hiyo picha nzima ya mradi sasa imekuwa na namba mbili tu, leo 1,000,000 imetoka, miaka 3 baadaye 1,655,000 ipo mkononi. Inabaki kuuliza ni riba gani inatoa milioni moja na kuifikisha hapo kwa miaka mitatu, unagawanya unapata 1.655, unatafuta kipeuo cha tatu chake unapata 1.1829, ukitoa moja ni 18.29%. Basi, hiyo ndo MIRR. Kwenye Excel au LibreOffice, kama namba zako ziko A1 mpaka A4, unaandika hivi:

```
=MIRR(A1:A4, 10%, 10%)
```

Ile 10% ya kwanza ni riba ya hela zinazotoka, ya pili ndo riba ya kuwekezea tena. Ya kwanza nitairudia chini, kwa mradi A haina kazi yoyote kwa sababu hela imetoka mara moja tu, leo.

Kutoka 23.38% mpaka 18.29% ni pengo kubwa, na kwa hela ni tofauti ya kama 223,000 kati ya ile 1,878,000 ya kufikirika na 1,655,000 ya kweli. Mradi ni uleule, hakuna aliyeuharibu. Na angalia inavyocheza ukibadilisha riba: ukisema hela ikitoka naifungia tu, yaani 0%, MIRR inakuwa 14.47%. Ukiweka 5% inakuwa 16.38%. Ukiweka 23.375% inarudi palepale kwenye 23.38% ya IRR, na hiyo ni njia nzuri ya kuikagua spredishiti yako, ukiweka IRR yenyewe kama riba ya kuwekezea tena kwenye mradi wa aina hii alafu MIRR isilingane nayo, ujue kuna seli imekaa vibaya.

Utaniambia, sasa si mtu anaweza kuipandisha tu hiyo riba mpaka apate MIRR anayoitaka? Anaweza, na wapo wanaofanya. Ila tofauti ni kwamba sasa ameandika. Mtu akileta MIRR yenye riba ya kuwekezea tena ya 20% unamuuliza, haya nionyeshe hiyo sehemu ya 20%, na mazungumzo yanakuwa juu ya kitu kinachoshikika. Kwa IRR hilo swali halina pa kushika. Riba yenyewe unayotakiwa kuweka, kwa watu wengi ni gharama ya mtaji, yaani kile kiwango ambacho hela yako ingekipata kwingine kwenye hatari inayofanana, lakini kama unajua kabisa kwamba hela ikitoka itakaa kwenye akaunti ya akiba miezi kadhaa kabla ya kupata kazi, weka riba ya hiyo akaunti, usijipendelee.

Sasa tuje kwenye sehemu inayouma, kuchagua kati ya miradi miwili. Mweke B pembeni ya A. B nayo unatoa 1,000,000 leo, miaka miwili ya kwanza haikupi kitu, alafu mwisho wa mwaka wa 3 inakupa 1,800,000 kwa mkupuo. IRR yake ni 21.64%. Ukipanga kwa IRR, A ina 23.38% na B ina 21.64%, A inashinda, kikao kimeisha watu wakanywe chai.

Lakini kwa B hakuna hela iliyotoka katikati, kwa hiyo hakuna cha kuwekeza tena, MIRR yake ni 21.64% hata uweke riba gani. A kwa 10% ni 18.29%. B imeshinda, na sio kwa nywele. Ukitaka shahidi wa tatu piga NPV kwa 10%: A inatoa kama 243,000, B inatoa kama 352,000. NPV na MIRR ziko upande mmoja, IRR iko peke yake upande wa pili. Sababu ni ileile, A inarudisha hela mapema, na IRR ya mradi unaorudisha hela mapema inapendeza kwa sababu inapimwa kwa mtaji unaosinyaa, wakati B imeishikilia milioni yako nzima pamoja na faida yake miaka yote mitatu ikiifanyia kazi.

Ila nisiwe shabiki hapa. A sio mradi mbaya, na kuna mtu ambaye kwake A ndo sahihi. Jiulize, hela za A zinatakiwa kuwekezwa kwa riba gani ili nazo zifike 1,800,000 mwaka wa tatu? Ukipiga hesabu inakuja 18.82%. Kwa hiyo kama wewe una biashara ambayo kila hela unayoiingiza inazaa zaidi ya 18.82%, chukua A kwa mikono miwili maana inakurudishia hela haraka ukaizungushe. Kama huna, chukua B. Binafsi hii namba ya 18.82% naiona ina faida kuliko MIRR yenyewe, kwa sababu inaondoa ubishi wa "mradi gani bora" unabaki na swali dogo ambalo mwenye hela anaweza kulijibu, kwamba je, hela ikitoka nina pa kuipeleka pa kulipa zaidi ya hapo au sina.

Udhaifu wa pili wa IRR ni wa ajabu kidogo, watu wengi hawajawahi kukutana nao mpaka siku unawatokea. Fikiria machimbo ya mawe: leo unatoa 1,000,000 kuanza, mwaka wa kwanza unauza mawe unabakiwa na 2,500,000, mwaka wa pili unatakiwa kufukia shimo na kusawazisha ardhi, inatoka 1,560,000. Alama zinaenda toa, pokea, toa, zimegeuka mara mbili. IRR ya huu mradi ni ngapi? Ni 20%. Na pia ni 30%. Zote mbili ni sahihi, jaribu mwenyewe kudiskaunti kwa 20% utapata sifuri, kwa 30% utapata sifuri. Kwenye Excel ukiandika =IRR(A1:A3) yenyewe inaanzia kubahatisha kwenye 10%, kwa kawaida itaangukia 20% na kunyamaza, ukiandika =IRR(A1:A3, 40%) itakuletea 30%, haikuambii kwamba kuna nyingine. Na gharama ya kufukia ikipanda kidogo tu kutoka 1,560,000 hadi 1,600,000, IRR inapotea kabisa, hakuna riba yoyote duniani inayoleta sifuri, unapewa #NUM! ukiangalia unadhani umekosea kuandika.

Hapa ndo ile riba ya kwanza kwenye fomula inapata kazi. MIRR inachukua hela zote zinazotoka inazirudisha leo kwa hiyo riba, na zinazoingia inazipeleka mwisho kwa riba ya kuwekezea tena. Tuweke zote mbili 10%. Ile 1,560,000 ya mwaka wa pili ikirudishwa leo ni 1,289,256, maana yake ni kama unasema leo lazima nitenge hela hiyo pembeni ili shimo likifika muda wake lifukiwe. Ongeza milioni ya mwanzo, jumla iliyotoka ni 2,289,256. Upande wa pili 2,500,000 ikikaa mwaka mmoja kwa 10% ni 2,750,000. Gawanya, unapata 1.2013, kipeuo cha pili ni 1.0960, kwa hiyo MIRR ni 9.60%.

Soma tena hiyo namba. IRR inakupa 20% au 30%, mtu yeyote mwenye mtaji wa 10% ataona hapa kuna hela, kumbe MIRR ni 9.60%, chini ya 10% anayolipia mtaji wake. Na NPV kwa 10% ni hasi kama 16,500, mradi unakula hela. Hii haijatokea kwa bahati, ukitumia riba moja ya gharama ya mtaji pande zote mbili, MIRR itakuwa juu ya riba hiyo pale tu NPV inapokuwa juu ya sifuri, na itakuwa chini NPV ikiwa hasi, haziwezi kugombana kwenye mradi mmoja. Na kwa sababu hesabu yake inaishia na namba mbili, moja leo na moja mwisho, jibu ni moja siku zote. Hata ile ya 1,600,000 iliyoishinda IRR, MIRR inaijibu bila kelele, 8.82%.

Mtego mmoja wa Excel ambao umewaumiza watu, mimi nikiwemo: mradi B una miaka miwili haina kitu, na mtu akiona haina kitu anaziacha seli tupu. MIRR inazipuuza seli tupu kana kwamba haipo miaka hiyo, kwa hiyo inaona 1,000,000 imetoka na 1,800,000 imeingia mwaka unaofuata, inakupa 80%. Andika sifuri, sifuri inahesabiwa, inarudi 21.64%. Ukiona MIRR imekuwa juu kupita kiasi, usishangilie, tafuta seli tupu. Na kama namba zako ni za kila mwezi basi riba zote mbili ziwe za mwezi, na jibu litakalotoka ni la mwezi, ukilitaka la mwaka ulikuze kwa miezi 12, sio kulizidisha mara 12.

Alafu kuna ambalo MIRR haijalirekebisha. Chukua mradi A uleule, ila sema unataka kuulinganisha na mradi mwingine wa miaka 5. Ukiacha A na 18.29% yake ya miaka 3 hujalinganisha sawa, kwa sababu mwenzake anahesabiwa hadi mwaka wa 5 na hela za A mwaka wa 4 na wa 5 nazo zitakuwa mahali fulani. Ongeza sifuri mbili mwisho wa safu ya A, ile 1,655,000 iendelee kukaa kwa 10% miaka miwili zaidi, inafika 2,002,550, na kipeuo cha tano kinakupa 14.90%. Mradi haujabadilika hata kidogo, umeshuka kutoka 18.29% hadi 14.90% kwa kuongezewa muda wa kukaa kwenye 10%, na hiyo 14.90% ndo inayostahili kuwekwa pembeni ya mradi wa miaka 5. Saizi nayo ni hivyohivyo, mradi wa 100,000 wenye MIRR ya 25% haujaushinda wa 1,000,000 wenye 21.64% mpaka uniambie ile 900,000 iliyobaki itakuwa inafanya nini, na hapo tumerudi kwenye lile swali nililoulizwa kwenye slaidi, safari hii linahusu hela ambayo haikuingia kwenye mradi kabisa.